Sekta Zinazosubiri na Sekta Zilizohamishwa: Kusoma Vipimo vya Diski na Kuamua Iondoke Lini

Kompyuta ya hesabu ikianza kuganda dakika nzima kila unapofungua faili fulani, fundi wengi hukimbilia kufuta Windows na kuiweka upya. Kabla ya hapo, uliza diski yenyewe. Diski ngumu ya sahani huweka kumbukumbu ya matatizo yake katika mfumo uitwao SMART, na vipimo viwili vya humo, namba 5 na namba 197, vinatosha kukuelekeza mara nyingi, mradi ujue kila kimoja kinahesabu nini. Mwongozo huu unafuata diski moja tangu dalili ya kwanza hadi uamuzi. Ni diski ya inchi 3.5 ya TB 1, iliyo ndani ya kompyuta ya duka la vifaa vya ujenzi Kariobangi, yenye ankara na stoo ya miaka kadhaa.

Namba 5 na 197 zinahesabu nini

Diski huhifadhi data katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Pamoja na data, kila sekta hubeba tarakimu za ziada za kurekebishia makosa madogo ya usomaji. Kosa likizidi uwezo wa tarakimu hizo, diski hurudia kusoma mara nyingi (huko ndiko kuganda unakokuona), kisha hukata tamaa na kurudisha kosa kwa kompyuta. Hapo sekta huandikwa kwenye orodha ya zinazosubiri. Hiyo ndiyo namba 197, Current_Pending_Sector.

Kinachosubiriwa ni uandishi. Diski haiwezi kuhamisha sekta ambayo imeshindwa kuisoma, kwa sababu haina data ya kuweka mahali papya, na haina ruhusa ya kubuni. Siku kompyuta itakapoandika kitu kipya juu ya sekta hiyo, data ya zamani haitakuwa na maana tena, na diski itajaribu kuandika palepale na kuhakiki. Ikisomeka vizuri, sekta hutolewa kwenye orodha na kuendelea na kazi kama kawaida. Ikishindikana, anwani yake huelekezwa kwenye sekta ya akiba, na namba 5, Reallocated_Sector_Ct, hupanda.

Ndiyo maana 197 inaweza kushuka, lakini 5 haishuki. Na ndiyo maana 197 pekee haitoshi kuhukumu diski: inasema kuna mahali pasiposomeka, haijasema kama sahani yenyewe imeharibika. Mahali ambapo stima hukatika bila taarifa tofauti hii ina uzito. Umeme ukipotea wakati kichwa kinaandika, sekta inaweza kubaki nusu mpya nusu ya zamani, na tarakimu zake za kurekebishia hazitalingana na data. Haitasomeka kamwe, ilhali sahani hapo ni nzima kabisa. Uandishi mmoja unaiponya.

Namba 198, Offline_Uncorrectable, kwa kawaida hufuatana na 197, kwani huhesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma wakati inajikagua yenyewe. Namba 187, Reported_Uncorrect, ni jumla ya makosa yote yasiyorekebishika ambayo diski imewahi kuiripotia kompyuta. Haishuki, na si kila mtengenezaji huionyesha.

Hatua ya kwanza: soma bila kugusa

Usianze na chkdsk. Ukiiendesha na alama ya `/r` kwenye diski inayougua, itapita kila sekta, itaandika kwenye jedwali za faili, na inaweza kumalizia diski kabla hujatoa data. Kusoma SMART, kwa upande wake, hakuchoshi diski hata kidogo.

Njia safi ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, ili Windows isiguse diski kabisa. Ukishaingia na kuunganisha intaneti:

```
sudo apt install smartmontools gddrescue
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
sudo smartctl -i -A /dev/sda
```

Ikiwa apt itasema haioni kifurushi, andika `sudo add-apt-repository universe` kisha ujaribu tena. Amri ya `lsblk` si ya mapambo: linganisha namba ya SERIAL na ile iliyobandikwa kwenye diski, kwa sababu baadaye utaandika juu ya diski moja na hutaki iwe ile isiyo sahihi. Diski ikiwa ndani ya kasha la USB, mara nyingi utahitaji kuongeza `-d sat` kwenye amri ya smartctl ndipo ijibu.

Kwa diski yetu ya Kariobangi, mistari inayotuhusu, tukiacha safu kadhaa za katikati, ni hii:

```
ID# ATTRIBUTE_NAME          VALUE WORST THRESH  RAW_VALUE
  5 Reallocated_Sector_Ct    100   100   010    0
  9 Power_On_Hours           084   084   000    14312
187 Reported_Uncorrect       095   095   000    5
197 Current_Pending_Sector   100   100   000    16
198 Offline_Uncorrectable    100   100   000    16
199 UDMA_CRC_Error_Count     200   200   000    0
```

Angalia safu ya mwisho, RAW_VALUE. Hiyo ndiyo hesabu halisi. VALUE ni alama ambayo mtengenezaji hujipangia, huanza 100 au 200 na kuteremka, na diski hujitangaza imeshindwa pale tu alama ya kipimo muhimu inapogonga THRESH. Mpaka huo umewekwa mbali sana. Hapa diski ina sekta 16 zisizosomeka na alama bado ni 100 kamili, na ukiiuliza kwa `smartctl -H` itajibu PASSED. Neno hilo lisikutulize. Likitokea neno FAILED, basi acha kila kitu na utoe data saa hiyohiyo. Lakini diski nyingi hufa zikiwa bado zinasema PASSED.

Kuna RAW_VALUE moja au mbili za kupuuza. Diski za Seagate huonyesha namba kubwa mno, za mamilioni, kwenye kipimo 1 na 7, kwa sababu ndani yake zimechanganya idadi ya makosa na idadi ya usomaji wote uliofanyika. Wateja wengi wametishwa na tarakimu hizo bure.

Kwa anayetumia CrystalDiskInfo kwenye Windows, kuna mtego tofauti. Programu hiyo, ukiifungua bila kubadili chochote, huonyesha hesabu halisi kwa tarakimu za msingi wa kumi na sita. Diski yetu ingeonyesha 000000000010 kwenye mstari wa C5, na mtu angesoma kumi badala ya kumi na sita. Ikionyesha 64, maana yake ni mia moja. Badilisha kwenye menyu ya Function, Advanced Feature, Raw Values, uchague 10 [DEC]. Namba za vipimo vyenyewe hubaki kwa mtindo wao: 05 ni 5, BB ni 187, C5 ni 197, C6 ni 198 na C7 ni 199.

Sasa 16 ni nini hasa? Mstari wa Sector Sizes unaotokana na `-i` unasema 512 bytes logical, 4096 bytes physical. Yaani kompyuta huhesabu vipande vya baiti 512, lakini juu ya sahani sekta moja halisi ina baiti 4096, sawa na vipande vinane. Diski nyingine huhesabu zinazosubiri kwa vipande vidogo, nyingine kwa sekta halisi. Hesabu ikipanda kwa nane nane, kama hapa, karibu kila mara 16 ni sekta mbili tu za kweli.

Kabla ya kuendelea, tazama 199. Kipimo hiki huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta, na karibu kila mara mwenye kosa ni kebo ya SATA iliyolegea, iliyokunjwa au yenye vumbi kwenye meno. Haihusiani na sahani. Ikipanda, badilisha kebo na uandike namba uliyoiacha, kwani haitarudi sifuri. Ikisimama hapohapo baada ya kebo mpya, kesi hiyo imefungwa. Kutupa diski kwa ajili ya 199 ni kutupa kitu kizima. Hapa ni 0, kwa hiyo tatizo liko ndani ya diski.

Hatua ya pili: nakili kwanza, pima baadaye

Jaribio refu la diski husoma kila sekta. Kunakili diski nzima nako husoma kila sekta. Kwa hiyo kwenye diski yenye data isiyo na nakala, usiitembeze mara mbili: usomaji wa kwanza uwe ndio wa kunakili. Duka hili lina ankara ambazo sheria ya Kenya ya taratibu za kodi inataka zitunzwe miaka mitano, na nakala pekee iko hapa.

Unahitaji diski ya pili yenye ukubwa sawa au zaidi. Hakikisha kwa baiti, `lsblk -b`, kwani diski mbili zilizoandikwa TB 1 zinaweza kupishana kidogo, na upungufu mdogo unatosha kukata mwisho wa nakala. Tuseme ya zamani ni sda na mpya ni sdb. Unahitaji pia flashi ya pili ya kuweka faili ya ramani. Usiiache ndani ya Ubuntu ya flashi, maana hiyo huishi kwenye kumbukumbu ya muda; stima ikipotea katikati, ramani inapotea nayo na kazi inaanza upya. Ingia kwenye folda ya flashi hiyo ya pili, kisha:

```
sudo ddrescue -f -d -n /dev/sda /dev/sdb ramani.map
sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb ramani.map
```

Mzunguko wa kwanza huchukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka sehemu ngumu, ili kama diski ina saa chache za maisha, zitumike kwenye data nyingi badala ya kung'ang'ania sekta mbili. Wa pili hurudi kwenye mabaki na kuyajaribu mara tatu. Kwa diski ya TB 1 inayosoma wastani wa megabaiti 120 kwa sekunde, kazi nzima ni saa mbili na dakika ishirini hivi ikiwa sekta mbovu ni chache. Ukiona kasi imeshuka hadi kilobaiti na kubaki huko, au diski inagongagonga, ni kichwa kinachokufa. Zima. Kama data ina thamani kubwa, hapo ndipo inapokwenda kwa wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, si kwa fundi mwenye bisibisi.

Kwetu mzunguko wa pili umemalizika na baiti 8,192 hazikupatikana. Ni sekta mbili za 4096, kama tulivyokisia. Mteja atauliza jambo moja: ni faili gani zimepotea? Hili lina jibu. Jaza sehemu zilizokosekana kwenye nakala kwa neno unaloweza kulitafuta:

```
printf "SEKTAMBOVU " > alama
sudo ddrescue -f --fill-mode=- alama /dev/sdb ramani.map
sudo mount -o ro /dev/sdb2 /mnt
sudo grep -rl SEKTAMBOVU /mnt
```

Badilisha sdb2 iwe namba ya sehemu yenye faili, kama `lsblk` inavyoionyesha. Utafutaji utachukua muda, lakini ukirudi utakuwa na majina ya faili zilizoguswa, na mteja ataweza kuchapisha upya ankara hiyo moja badala ya kuishi na wasiwasi juu ya zote. Usipopata jina lolote, sekta hizo zilikuwa kwenye nafasi tupu au kwenye jedwali za mfumo wa faili. Hapo chkdsk ina kazi yake, ila kwenye nakala. Njia hii haifai kama diski imefungwa kwa BitLocker, kwani kilichonakiliwa ni data iliyofumbwa.

Kisha chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha Windows. Diski mbili zenye utambulisho mmoja ndani ya kompyuta moja huvuruga mambo.

Hatua ya tatu: ilazimishe diski ijibu

Duka limerudi kazini kwa diski mpya. Iliyobaki mezani ina 197 ya 16 na 5 ya 0. Je, ni stima iliyokatika au ni sahani inayochakaa?

Anza na jaribio refu, linaloendeshwa na diski yenyewe:

```
sudo smartctl -t long /dev/sda
sudo smartctl -l selftest /dev/sda
```

Muda unaokadiriwa utauona ukiandika `smartctl -c`. Kwa TB 1 tarajia saa mbili hadi tatu. Kwenye kasha la USB jaribio hukatika mara nyingi kwa sababu kasha hulala usingizi likiona hakuna kazi, kwa hiyo ni heri kuichomeka moja kwa moja kwenye SATA. Matokeo ya kwetu yanasema Completed: read failure, na kosa la kwanza liko kwenye anwani 976420864. Zidisha kwa 512 upate baiti 499,927,482,368, karibu kabisa na katikati ya diski. Jaribio husimama kwenye kosa la kwanza, hivyo halitakupa orodha nzima. Orodha nzima iko kwenye ramani.map, kwenye mistari yenye alama ya kutoa mwishoni.

Ramani hiyo inafaa kusomwa kwa macho. Sekta mbili zinazofuatana, mahali pamoja, zinaendana na hadithi ya umeme kukatika wakati wa kuandika. Sekta kumi na mbili zilizotawanyika toka mwanzo hadi mwisho wa diski zinaashiria kichwa kilichodhoofika. Msururu unaokaa katika eneo moja lakini unaruka kwa umbali unaolingana unafanana na mkwaruzo, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwani chembe zilizobanduka huendelea kuzunguka ndani na kuharibu sehemu nyingine.

Zetu zinafuatana. Sasa andika juu ya diski nzima. Amri hii inafuta kila kitu. Rudi kwenye `lsblk` na uhakikishe SERIAL kabla ya kubonyeza.

```
sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sda bs=1M oflag=direct status=progress
sudo smartctl -A /dev/sda
```

Kuna wanaopenda kuandika kwenye ile sekta moja tu kwa hdparm. Hilo lina maana kwenye diski inayobaki na data yake. Kwa diski tuliyokwisha kuinakili, kuandika yote ni bora, kwa sababu kunazilazimisha pia sekta dhaifu ambazo hazijawahi kuguswa. dd itamaliza kwa kulalamika kwamba nafasi imekwisha. Hiyo ni kawaida, imefika mwisho wa diski.

Majibu yanaweza kuwa ya aina tatu. 197 ikirudi sifuri na 5 ikabaki sifuri, sekta zilikuwa nzima na kilichoharibika kilikuwa maandishi. 197 ikirudi sifuri na 5 ikapanda, sahani ilikuwa mbovu hapo na diski imepatengeneza kwa akiba. 197 ikikataa kushuka hata baada ya kuandikiwa yote, au dd yenyewe ikakatika kwa kosa la kuandika, akiba imekwisha au diski haiwezi tena kujisimamia, na hakuna la kujadili.

Ya kwetu imetoa 197 sifuri, 198 sifuri, na 5 imekuwa 8. Yaani sekta moja ilipona, moja ilihamishwa. Jaribio refu la pili limepita bila kosa.

Hatua ya nne: amua kwa mwendo, si kwa namba

Hapa ndipo watu hugawanyika. Mmoja atasema diski imejitengeneza, irudi kazini. Mwingine atasema sekta moja tu iliyohamishwa ni hukumu ya kifo. Utafiti uliochapishwa na watafiti wa Google mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba diski ikishahamisha sekta ya kwanza, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ni zaidi ya mara 14 ya diski ambayo haijahamisha. Hilo ni ongezeko kubwa, ingawa halimaanishi kila moja hufa, nyingi huendelea. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa na alama yoyote katika vipimo vinne vyenye nguvu zaidi. Kwa hiyo sifuri si dhamana, na nakala ya akiba haina mbadala hata diski ikiwa safi.

Kinachotenganisha diski ya kuishi na ya kuondoka ni kama hesabu imesimama au inatembea. Iweke kwenye kompyuta ya majaribio, iandikie na kuisoma mara kadhaa kwa wiki, na kila mara ongeza mstari kwenye faili:

```
(date; sudo smartctl -A /dev/sda | grep -E '^ *(5|9|187|197|198|199) ') >> diski.txt
```

Kipimo cha 9, saa za kuwaka, ndicho kalenda yako. Mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760. Hesabu iliyopanda kwa 8 katika saa 14,000 ni jambo moja. Iliyopanda kwa 8 katika saa 60 ni jingine kabisa.

Diski ya Kariobangi ilisimama kwenye 8 kwa wiki mbili. Katika wiki ya tatu, ikiwa kwenye UPS na bila umeme kukatika hata mara moja, 197 ilionyesha 8, na jaribio refu likatoa anwani ya mbali na ile ya kwanza. Kisingizio cha stima hakipo tena. Sekta mpya, mahali papya, bila sababu ya nje: sahani au kichwa kinachakaa. Hakuna haja ya kuiandikia tena ili kuona kama itapona. Inaondoka.

Ingekuwa imebaki kwenye 8 kwa miezi miwili na majaribio yote kupita, ningeiruhusu kazi ndogo, kama kubeba nakala ya pili ya filamu au faili za kusakinishia programu, kitu ambacho kikipotea unakipakua upya. Kurudi kwenye hesabu za duka, hapana. Ukishakuwa na shaka, thamani ya diski inapimwa kwa kilichomo, na diski ya TB 1 ni rahisi kuliko siku moja ya duka kufungwa.

Mengine yanajiamulia yenyewe. Kipimo 10, Spin_Retry_Count, kikitoka sifuri maana yake mota inashindwa kuzungusha sahani kwa jaribio la kwanza. Badilisha kwanza kebo ya umeme na ujaribu pawa saplai nyingine, na kikiendelea kupanda iondoe. Sauti ya kugonga iliyo na mpangilio haingojei namba yoyote. Diski iliyo katika safu ya diski kadhaa zinazolindana ibadilishwe mapema kuliko iliyo peke yake, kwani ukingoja mwenzake afe, kujenga upya safu kutaisoma hii inayougua toka mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo sekta zisizosomeka hujitokeza.

Kwa mashine za kamera za usalama, badili macho. Mashine hizo huandika usiku na mchana na kuzunguka diski nzima tena na tena, hivyo sekta inayosubiri huandikiwa upya kabla hujaiona. 197 itakuwa sifuri karibu daima, hata diski ikiwa hoi. Tazama 5 tu, na kasi yake. Video inayokatika kila siku kwenye saa tofauti, pamoja na 5 inayopanda, inatosha.

SSD nayo hesabu zake ni tofauti. Kuhamisha ni sehemu ya kazi yake ya kila siku, majina ya vipimo hubadilika toka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, na nyingi hufa ghafla bila onyo. Usihamishie kanuni hizi huko.

Ukinunua diski iliyotumika

Kwenye maduka ya kati ya jiji, kompyuta za ex-UK huja na diski zenye saa 20,000 au zaidi, na hilo peke yake si kosa. Muulize muuzaji akuruhusu uchomeke flashi yako na usome kabla ya kulipa. Mwenye bidhaa nzuri hana sababu ya kukataa. Mimi nisingechukua diski yenye 5 au 197 yoyote isiyo sifuri kwa bei yoyote, kwa sababu sijui mwendo wake. Namba bila historia haisomeki.

Jihadhari pia na historia safi kupita kiasi. Vipimo vya SMART vinaweza kufutwa, na mwanzoni mwa 2025 ilibainika kwamba diski za Seagate zilizotumika maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa sokoni Ulaya kama mpya, saa zikiwa zimerudishwa sifuri na watu wa kati. Kwa diski za Seagate kuna kumbukumbu ya pili iitwayo FARM, ambayo mara nyingi wafutaji hao hawakuigusa. Smartmontools toleo la 7.4 na kuendelea huisoma:

```
sudo smartctl -l farm /dev/sda
```

Saa zilizoko huko zikipishana sana na kipimo 9, mrudishie muuzaji diski yake.

Ukiiondoa

Andika kwa kalamu ya kudumu juu ya diski: MBOVU, tarehe, na thamani za 5 na 197. Diski isiyo na alama ndani ya droo ya fundi hurudi kwenye laptopu ya mtu baada ya miezi sita.

Kuhusu data, kumbuka kwamba sekta iliyohamishwa bado ina maandishi yake ya zamani pale ilipokuwa, na dd haiwezi tena kuifikia kwa sababu anwani yake inaelekea kwingine. Kwa faili za kawaida za duka hatari hiyo ni ndogo. Kwa rekodi za wagonjwa, namba za vitambulisho au mishahara, ambazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, usitegemee kufuta. Fungua kifuniko, toa sahani na uziharibu. Katika diski za inchi 3.5 kwa kawaida ni za alumini, msumari na nyundo huzikunja. Diski nyingi za inchi 2.5 za laptopu zina sahani za kioo zinazopasuka vipande vikali, kwa hiyo zigonge zikiwa bado ndani ya kasha lake, na uvae miwani. Mabaki yapeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye leseni, si kwenye pipa la kawaida.